Kuahidi na Kukisia kwa Kifaransa: Mifuko 1,200 ya Saruji ya Nzuani

Kwa simu, sisi wa Mtwara na Wakomoro tunaelewana bila shida. Mteja wetu wa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, anaongea Kiswahili safi. Akipiga, ataanza na hali za watoto, atauliza korosho mwaka huu zimekwendaje mnadani, ndipo aingie kwenye saruji yake. Lakini mambo ya fedha hayaishii kwenye simu. Mshirika wake yuko Moroni, benki yao inafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo kila kinachohusu malipo na tarehe kinaandikwa kwa Kifaransa, na katika ofisi yetu ndogo ya uwakala wa mizigo karibu na bandari, mwandishi ni mimi.

Katika kazi hii, Kifaransa cha salamu na heshima hakijawahi kutusumbua. Ukijua „Monsieur“ mwanzoni na „Cordialement“ mwishoni, umevuka. Kinachosumbua ni vitenzi vya mambo ambayo bado hayajatokea. Vitabu vinavigawa mafungu matatu: futur simple, futur proche na conditionnel. Mimi nitayaita ujao wa kawaida, ujao wa karibu na hali ya masharti. Sisi tumezoea -ta- moja itubebee ahadi, nia na utabiri kwa pamoja, na msikilizaji anapima mwenyewe kwa sauti ya msemaji. Kwenye barua pepe sauti haipo.

Nitaeleza kwa mzigo mmoja, mifuko 1,200 ya kilo 50, yaani tani 60, kwa sababu mzigo huo ulipita kwenye karibu kila kona ya jambo hili.

Jumatatu asubuhi mteja aliandika hivi:

„Nous allons faire le virement de l'acompte aujourd'hui. Le solde pourrait être réglé jeudi si notre associé donnait son accord. Merci de charger les sacs au plus vite.“

Mzee, ndiye mwenye ofisi, Kifaransa anakisoma kwa kuokoteza. Aliona „aujourd'hui“, akaona „jeudi“, akafurahi. „Si kasema advansi leo, salio Alhamisi? Mwambie kijana atafute malori.“ Nikamwomba asubiri kidogo tuusome sote.

Sentensi ya kwanza ni ujao wa karibu: „nous allons“ pamoja na kitenzi kisichonyambuliwa, „faire“. Inaonyesha jambo lililo mkononi, lililokwisha kuamuliwa, ambalo msemaji analiona limeanza tayari. Mteja anatuambia leo anakwenda kulipa advansi. Hilo ni zuri, lakini tazama anachojifunga nacho: ni kitendo chake cha kutuma. Siku ambayo fedha zitaingia kwetu hajaitaja. Fedha kutoka benki ya nje huchukua siku, kwa hiyo jibu la sentensi kama hii ni kuomba nakala ya swifti, karatasi ya benki inayoonyesha kwamba fedha zimetumwa, siyo kuita malori.

Sentensi ya pili ndiyo iliyomdanganya Mzee. „Pourrait“ ni hali ya masharti, na „si … donnait“ ni sharti lenyewe, limewekwa kwenye wakati uliopita wanaouita imparfait. Maana yake ni kwamba salio lingeweza kulipwa Alhamisi kama mshirika angekubali. Mshirika hajakubali. Tena, kwa jinsi sentensi ilivyojengwa, mteja mwenyewe hana uhakika kama atakubali. Angekuwa na uhakika angeandika „Le solde sera réglé jeudi“, au walau „si notre associé donne son accord, le solde sera réglé jeudi“. Kwa hiyo Alhamisi ile haikuwa ahadi. Nilipomwambia Mzee hivyo, aliuliza swali la mfanyabiashara: „Kwa hiyo anatudanganya?“ Hapana. Ametuambia ukweli kwa uangalifu sana. Sisi ndio tungejidanganya.

Sasa jibu. Kijana wetu, aliyesoma Kifaransa sekondari na anayejifunza kazi hapa, aliandika rasimu:

„Nous allons charger le ciment vendredi. Si vous paierez le solde, le bateau va partir samedi et il arrivera mardi. Je pourrais vous envoyer les documents.“

Ukisoma haraka unaelewa. Lakini kila sentensi ina tundu ambalo fedha inaweza kupitia.

Tuanze na „si vous paierez“, kwa kuwa ndilo kosa tunaloliona sana. Baada ya „si“ ya sharti, Kifaransa hakikubali wakati ujao wala hali ya masharti. Kwetu ni rahisi kuteleza, maana akilini tunasema „kama mtalipa“ na -ta- inatufuata. Kifaransa kinataka „si vous payez“, wakati uliopo, halafu upande wa pili ndipo uje wakati ujao. Kuna „si“ nyingine isiyokuwa sharti, ile ya „je ne sais pas si le bateau partira samedi“, sijui kama meli itaondoka Jumamosi. Hiyo inakubali wakati ujao bila tatizo. Kuzitofautisha ni rahisi: kama unaweza kuweka „endapo“ mahali pake, ni sharti, usiweke wakati ujao.

Pili, „nous allons charger vendredi“, tutapakia Ijumaa. Kisarufi haina kosa, na kwenye mazungumzo Wafaransa na Wakomoro wote wanasema hivyo mchana kutwa. Sitaki mtu aondoke na imani kwamba ujao wa karibu ni ahadi nyepesi kwa sheria ya lugha. Hakuna sheria hiyo. Lakini kwenye maandishi ya biashara na mikataba, wajibu wa tarehe huandikwa kwa ujao wa kawaida, na msomaji wa benki au mwanasheria akiona „nous chargerons“ anajua hicho ni kipengele cha kushikiliwa. „Nous allons charger“ inasomeka kama taarifa ya mipango yetu. Sisi ofisini tumejiwekea desturi: ujao wa karibu kwa kazi ya leo au kesho ambayo tayari tumeishika, ujao wa kawaida kwa kila kitu chenye tarehe ambacho tuko tayari kulaumiwa nacho.

Tatu, „je pourrais vous envoyer les documents“. Kijana alikusudia kusema nitaweza, yaani „je pourrai“. Ile s ya mwisho ikageuza ahadi kuwa „ningeweza“, na mteja ana haki ya kuuliza: ungeweza kama nini? Tofauti ya „pourrai“ na „pourrais“ kwa sikio ni ndogo mno, na wengi hawaitamki kabisa. Kompyuta nayo haitakusaidia, maana yote mawili ni maneno sahihi. Dawa yake ni kubadilisha „je“ iwe „nous“. Ukipata „nous pourrons“, ulitaka ahadi, andika bila s. Ukipata „nous pourrions“, ulitaka ningeweza, weka s. Siku hizi tunaandika kwa „nous“ moja kwa moja, na kwa kuwa tunaongea kwa niaba ya ofisi, hata adabu inakaa vizuri zaidi.

Nne, „il arrivera mardi“. Hapa ndipo nilipokuwa mkali. Ule ulikuwa msimu wa kusi. Komoro iko kusini mashariki yetu, na kusi inavuma kutoka hukohuko, kwa hiyo chombo kidogo kinachotoka Mtwara kinakwenda uso kwa uso na upepo na mawimbi. Nahodha mwenyewe hasemi „tutafika Jumanne“, anasema „Jumanne, Mungu akipenda“. Sisi wa ofisini tunapata wapi ujasiri wa „arrivera“? Kwa utabiri wenye msingi lakini usio mikononi mwetu, Kifaransa kina kitenzi kinachofaa kabisa: „devrait“, hali ya masharti ya „devoir“. „Le navire devrait arriver mardi“ maana yake tunatarajia Jumanne kwa hesabu za kawaida. Ni nzito kuliko „pourrait arriver“, ambayo ni huenda tu, na ni nyepesi kuliko „arrivera“, ambayo ni neno letu la dhamana. Mtu wa meli akisoma „devrait“ anajua asikodi vibarua wa kupakua kwa saa maalumu.

Barua tuliyotuma ilikuwa hivi, baada ya salamu:

„Nous allons réserver la place à bord cet après-midi.

Dès que nous aurons reçu la copie du swift de l'acompte, nous transporterons les 1 200 sacs au port.

Si le solde est crédité sur notre compte jeudi à 16 heures au plus tard, nous chargerons vendredi et nous vous enverrons la copie du connaissement samedi.

Si le solde n'est pas crédité à cette heure, le chargement sera reporté au navire suivant et les frais de magasinage seront à votre charge.

Le navire devrait arriver à Mutsamudu mardi, selon l'état de la mer.

Pourriez-vous nous confirmer votre accord mercredi à midi au plus tard ?“

Kushika nafasi melini ni kazi ya mchana uleule, ndiyo maana „allons réserver“. Kupeleka mifuko bandarini ni ahadi, ila imefungwa kwenye swifti. Kupakia Ijumaa nako ni ahadi, ila salio liwe limeingia Alhamisi kufikia saa kumi jioni; lisipoingia, mzigo unasubiri meli inayofuata na gharama za hifadhi ni za mteja. „Dès que“, mara tu, tofauti na „si“, inapenda wakati ujao, na kwa kuwa kupokea kutatangulia kusafirisha, tumeweka „aurons reçu“, tutakapokuwa tumekwisha pokea. „Connaissement“ ni hati ya shehena, na „enverrons“ ndiyo umbo sahihi, kuna watu wengi wanaoandika „envoyerons“ kwa kufuata mantiki, na mantiki haimo. Saa nazo zina mtego: Mtwara na Komoro tuna saa zilezile, lakini saa kumi jioni yetu ni „16 heures“, na mtu akiandika „10 heures“ kwa mazoea amekata muda wa mteja kwa saa sita.

Mstari uliotugombanisha ofisini ni ule wa gharama za hifadhi. Kijana, kwa heshima, alitaka kulainisha: „le chargement serait reporté et les frais seraient à votre charge“. Mzee naye aliona hivyo ni uungwana zaidi, mteja ni mtu wetu wa siku nyingi. Nikakataa. Ukiweka hali ya masharti kwenye adhabu, umeifanya kuwa jambo la kuzungumzwa. Msomaji anaisoma kama „huenda tukafanya hivyo“, na siku ya kudai gharama atakuonyesha sentensi yako mwenyewe. Heshima katika barua ya Kifaransa ina mahali pake, nayo ni kwenye ombi: „pourriez-vous“, „nous souhaiterions“, „je vous saurais gré de“. Huko hali ya masharti ni adabu tupu na haina sharti lolote nyuma yake. Kwenye matokeo ya kukosa kulipa, weka „sera“ na „seront“, halafu kuwa mpole kwenye sentensi ya kufunga.

Hali ya masharti tungeitumia wapi basi? Kwenye jambo tunalolipendekeza bila kujifunga. Kama mteja angetaka mzigo ugawanywe, tungeandika: „Si vous souhaitiez une livraison en deux lots, nous pourrions étudier cette possibilité.“ Hapo hatujaahidi kugawa. Tumeahidi pengine kulifikiria, na hata hilo kwa „pourrions“.

Advansi ilikuja, swifti ikaonekana, mifuko ikapelekwa bandarini. Alhamisi saa kumi ikafika, salio hakuna. Jioni mteja akaandika: „Je serais à la banque demain matin et je ferais le virement.“

Kwa herufi zilivyo, hiyo ni „ningekuwa benki kesho asubuhi na ningefanya malipo“. Lakini „demain matin“ bila „si“ yoyote inatia shaka, maana sharti haliko popote. Hata wenye Kifaransa chao huchanganya s hii kila siku. Hapa barua ya pili ingetupotezea muda, nikapiga simu. „Kaka, kesho utakwenda benki, au ungekwenda?“ Akacheka sana. „Dada yangu, nitakwenda! Mke wangu ndiye kaniandikia.“ Nikamtumia mstari mmoja wa kuweka neno kwenye maandishi: „Comme convenu au téléphone, vous ferez le virement vendredi matin.“ Kisha mstari mwingine: „Le solde n'ayant pas été crédité jeudi à 16 heures, le chargement est reporté au navire suivant.“ Yaani salio halikuingia, upakiaji unahamia meli inayofuata. Ni „est“, wakati uliopo, kwa sababu sharti limekwisha kutimia na hakuna tena cha kutabiri.

Mshirika wa Moroni hakupendezwa. Aliandika: „Vous aviez écrit que vous chargeriez vendredi.“

Mzee alipoona „chargeriez“ akasema, kwa kuwa sasa ameanza kuzijua s na r, kwamba huyu naye anakubali ilikuwa makisio tu. Sivyo. Kifaransa kinaporudia maneno yaliyosemwa jana kuhusu siku za mbele, „chargerons“ ya jana hugeuka „chargerions“ leo. Umbo ni la hali ya masharti, lakini maana ni ahadi iliyoripotiwa: mliandika kwamba mtapakia Ijumaa. Kiswahili hakibadilishi chochote hapo, ndiyo maana linatupita. Ishara yake ni kitenzi cha kusema kilichotangulia katika wakati uliopita, „aviez écrit que“. Kwa hiyo mshirika alikuwa anatushika kwenye ahadi yetu, tena kwa usahihi, isipokuwa ameikata nusu.

Jibu lilikuwa kuirudisha nusu yake: „Nous avions écrit que nous chargerions vendredi si le solde était crédité jeudi à 16 heures au plus tard.“ Angalia „est crédité“ ya barua ya kwanza imekuwa „était crédité“. Safari hii imparfait haina shaka yoyote ndani yake; imesogea tu nyuma pamoja na sentensi nzima. Tukaongeza: „Si le solde avait été crédité jeudi, nous aurions chargé vendredi.“ Kama salio lingaliingia, tungalipakia. Hiyo ndiyo hali ya masharti iliyopita, ya jambo ambalo mlango wake umefungwa, na baada ya hapo mshirika hakuandika tena kuhusu Ijumaa.

Salio liliingia wiki iliyofuata, mzigo ukaondoka na meli iliyofuata. Halafu ikaja barua ambayo nusura ituvuruge: „Le bateau serait arrivé hier soir. Une dizaine de sacs seraient déchirés.“

Kijana akapaliwa. Alisoma „meli ingekuwa imefika jana“, akaelewa haikufika. Hapa hali ya masharti inafanya kazi ya nne ambayo vitabu vya mwanzo huigusa kwa haraka, lakini magazeti ya Kifaransa huitumia kila ukurasa: habari ambayo mwandishi ameisikia na hajaithibitisha. „Serait arrivé“ ni inasemekana imefika. „Seraient déchirés“ ni inasemekana mifuko kama kumi imepasuka. Namna ya kuijua ni kwamba hakuna „si“, hakuna ombi, hakuna kitenzi cha kusema kilichotangulia, na jambo lenyewe ni tukio. Mara nyingi kutakuwa na „selon“ au „d'après“ karibu; safari hii haikuwapo, nasi tukabaki kupima kwa mazingira. Mteja alikuwa nyumbani Mutsamudu, amesikia kwa vibarua, hajashuka bandarini.

Kwa madai ya mifuko iliyopasuka, tofauti ya „seraient“ na „sont“ ni fedha. Huwezi kulipa fidia ya kinachosemekana. Tukaandika: „Pourriez-vous nous envoyer le constat signé par l'agent du navire ? Dès que nous l'aurons reçu, nous examinerons votre réclamation.“ Mzee alitaka niandike „nous rembourserons“, ili mtu wetu atulie. Nikamwonyesha kwamba kwa „examinerons“ tumejifunga kuyachunguza madai kwa dhati, na hilo tunaliweza. „Rembourserons“ ingetufunga kulipa kabla hatujajua mifuko ilipasukia wapi, maana kama ilipasukia kwenye upakuaji wa Mutsamudu, gharama si yetu.

Karatasi tuliyoiomba ya wakala wa meli ilikuja ikiwa na sahihi na mhuri: „sept sacs sont déchirés“, mifuko saba.